Moyo uliopendeza ukafundisha uongo: kisa cha video ya sekunde nane

Mwalimu wa chuo kimoja cha uuguzi alitaka nimtengenezee video fupi ya kuonyesha darasani, kwa programu ya akili mnemba inayogeuza maneno kuwa video. Prompti, yaani maelekezo ya maneno inayopewa programu, alikuwa ameshaiandika mwenyewe, na kwa mtu asiye na kazi ya kufundisha moyo inaonekana imetosha kabisa:

```
Animesheni safi ya kitabibu ya damu ikipita ndani ya moyo
unaodunda. Tumia rangi kutofautisha damu. Kamera izunguke
moyo polepole.
```

Programu ikatoa video ya sekunde 8. Mandhari meusi, moyo unaong'aa kama kioo, damu ya bluu na nyekundu ikimiminika, kamera ikizunguka bila kutikisika. Kila aliyepita nyuma ya kompyuta aliisifia. Mwalimu aliitazama kimya, akairudia, kisha akasema, "Kijana wangu, imependeza, lakini nikiwafundishia hii nitawafelisha."

Hakuwa anakuza mambo. Ndani ya sekunde hizo 8 kulikuwa na makosa ambayo kila moja, likiingia kichwani mwa mwanafunzi, huchukua muda kulitoa. Na karibu yote yalitokana na jambo moja: prompti ilitaja vitu lakini haikutaja mpangilio. Ilisema kuna moyo, kuna damu, kuna rangi, kuna kamera. Haikusema rangi ibadilike wapi, nini kifunguke kabla ya nini, wala kamera iishie wapi. Programu ya namna hii haijui jinsi moyo unavyofanya kazi. Imejifunza sura za mioyo kutoka video na picha nyingi mno, na pale ambapo hukuielekeza, hujaza kwa kile kinachofanana na ilivyozoea kuona.

Nianze na rangi, maana huko ndiko kulikokuwa na kosa baya kuliko yote.

Damu iliyotumika mwilini hurudi kupitia vena kava ya juu na ya chini, ikaingia atiria ya kulia, yaani chumba cha juu upande wa kulia wa mwenye moyo. Inashuka ventrikali ya kulia, yaani chumba cha chini upande huohuo, inasukumwa kwenye ateri ya mapafu, inafika mapafuni na kuchukua oksijeni. Inarudi kwa vena nne za mapafu hadi atiria ya kushoto, inashuka ventrikali ya kushoto, inatoka kwa aota kwenda mwili mzima. Kwa mila ya vitabu vya tiba, damu yenye oksijeni kidogo hupakwa bluu na yenye oksijeni nyingi hupakwa nyekundu. Mahali pekee ambapo bluu inageuka nyekundu ni mapafuni. Ndani ya moyo rangi haibadiliki hata kidogo: inayoingia bluu inatoka bluu, inayoingia nyekundu inatoka nyekundu.

Video ile ilifanya kinyume. Bluu iliingia kulia vizuri, halafu katikati ya moyo ikaanza kuwa zambarau, na ilipofika upande wa kushoto ikawa nyekundu. Rangi zilipenya moja kwa moja kwenye ukuta wa kati unaotenganisha ventrikali mbili. Kwa jicho la msanii ni mpito laini wa rangi. Kwa jicho la mwalimu wa uuguzi ni mtoto mwenye tundu kwenye moyo. Kuna wagonjwa ambao damu yao inachanganyika hivyo hasa, na wanafunzi hao watakutana nao wodini. Kuwaonyesha hali hiyo ukisema "huu ndio moyo mzima" ni kuwafundisha ugonjwa kwa jina la afya.

Kosa hili lina umri mkubwa kuliko kompyuta. Galeni, tabibu wa Kigiriki wa zama za Warumi, alifundisha kwamba damu hupenya kutoka kulia kwenda kushoto kupitia vitundu visivyoonekana katika ukuta huo, na fundisho hilo likashikwa kwa zaidi ya miaka 1,000. Katika karne ya 13 Ibn al-Nafis, tabibu mzaliwa wa Damasko aliyefanya kazi Kairo, ndiye aliyeandika waziwazi kwamba ukuta ule hauna vitundu, na kwamba damu haina njia nyingine ila kupitia mapafuni. Programu ilirudi kwa Galeni bila kumjua, kwa sababu ndogo tu: vyumba viwili vya rangi mbili vikikaa bega kwa bega, njia rahisi ya kuvichora vikiwa hai ni kuziacha rangi ziingiliane.

Kosa la pili la rangi lilikuwa kwenye mishipa mikubwa. Ateri ya mapafu ilikuwa nyekundu. Hapa programu ilifuata kanuni ambayo hata wanafunzi huishika vibaya, kwamba ateri ni nyekundu na vena ni bluu. Kanuni hiyo inafaa karibu mwili mzima isipokuwa hapa. Ateri ni mshipa unaotoka kwenye moyo na vena ni mshipa unaorudi kwenye moyo, damu iwe na oksijeni au isiwe nayo. Kwa hiyo ateri ya mapafu ni bluu na vena za mapafu ni nyekundu. Ukitaka kujua haraka kama animesheni yoyote ya moyo imetengenezwa na anayejua, tazama rangi ya mshipa unaotoka ventrikali ya kulia. Mimi huanzia hapo siku zote.

Na la tatu: nyama ya moyo yenyewe ilipakwa rangi, nusu bluu na nusu nyekundu. Michoro mingi ya ukutani hufanya hivyo, lakini katika video inayotaka kuonyesha damu ikipita inaleta taabu mbili. Kwanza, misuli ya upande wa kulia hailishwi na damu ya bluu iliyo ndani yake. Inalishwa na mishipa ya koronari, inayochukua damu yenye oksijeni kutoka mwanzo wa aota. Pili, ukuta ukiwa na rangi sawa na damu, huoni tena damu ikisogea. Nikaamua kuta ziwe na rangi moja tulivu, ya kijivu chenye uwaridi, na rangi ya bluu au nyekundu ibaki kwa damu peke yake.

Mwalimu aliongeza sharti ambalo nililiona la maana: chini ya video yaandikwe maneno kwamba damu ya bluu ni alama tu. Damu ya vena kwa mtu mzima aliyetulia bado ina karibu robo tatu ya oksijeni inayoweza kubeba, na rangi yake ni nyekundu iliyokoza. Kila mwaka, aliniambia, anapata mwanafunzi anayeshangaa siku ya kwanza ya kuchukua damu.

Sasa mdundo. Katika video ya kwanza moyo wote ulijaa pamoja na kunywea pamoja, kama puto, na vali zote nne, yaani milango inayozuia damu isirudi nyuma, zilifunguka kwa wakati mmoja. Moyo ukifanya hivyo hausukumi damu popote, unaitikisa tu mbele na nyuma.

Mpangilio halisi, kwa moyo unaodunda mara 75 kwa dakika, ni huu. Mzunguko mmoja huchukua sekunde 0.8. Atiria zote mbili zinabana pamoja kwa takriban sekunde 0.1 na kumalizia kujaza ventrikali, ambazo kwa kiasi kikubwa zilikwisha kujaa zenyewe wakati wa mapumziko. Kisha ventrikali zote mbili zinabana pamoja kwa takriban sekunde 0.3. Halafu moyo wote unalegea kwa sekunde 0.4 zinazobaki. Kati ya atiria na ventrikali kuna vali mbili, ya trikaspidi kulia na ya mitrali kushoto. Penye milango ya kutokea kuna nyingine mbili, ya mapafu na ya aota. Jozi ya kwanza ikiwa wazi, ya pili imefungwa, na jozi ya pili ikiwa wazi, ya kwanza imefungwa. Kuna vipindi vifupi sana ambavyo zote nne zimefungwa. Hakuna hata kimoja ambacho zote nne ziko wazi.

Tazama neno "pamoja" hapo juu, kwa sababu ndipo wanafunzi wengi wanapopotea hata bila video mbaya. Tunapoeleza safari ya damu tunaanza kulia, tunapita mapafuni, tunamalizia kushoto, na msikilizaji anajenga picha kwamba moyo nao unabana kulia kwanza halafu kushoto. Sivyo. Tone moja la damu linapita kulia kabla ya kushoto, lakini pampu mbili zinafanya kazi kwa wakati mmoja. Kila mdundo, ventrikali ya kulia inatuma takriban mililita 70 mapafuni, na wakati huohuo ya kushoto inatuma kiasi kilekile mwilini. Animesheni inayofuata tone moja tu la damu kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata kama kila rangi ni sahihi, inaimarisha dhana hiyo ya zamu. Kwa hiyo prompti ilibidi iseme wazi kwamba bluu na nyekundu zinasogea kwa pamoja.

Jambo jingine la mdundo: ventrikali hazijikamui zikaisha. Ventrikali ya kushoto ya mtu mzima mwenye afya ina takriban mililita 120 inapojaa, na baada ya kubana hubakiwa na kama 50. Video ya kwanza ilionyesha kuta zikigusana kabisa, picha inayomkumbusha daktari hali nyingine mbaya. Tuliandika kwamba chumba kipungue lakini kibaki na damu.

Tukaja kwenye kamera, ambayo mwalimu aliiona kuwa pambo tu na mimi niliiona kuwa chanzo cha nusu ya matatizo. Kuzunguka moyo wote kwa sekunde 8 ni nyuzi 45 kila sekunde, kasi inayomnyima mtazamaji nafasi ya kufuata chochote. Kasi pia si tatizo kubwa kuliko yote. Moyo ukiutazama kwa mbele, upande wa kulia wa mwenye moyo uko kushoto kwako, kwa hiyo bluu iko kushoto mwa skrini. Kamera ikifika nyuma, bluu inahamia kulia mwa skrini. Mwanafunzi ambaye bado anapigana na kulia na kushoto kwa mgonjwa anapoteza uzi hapohapo. Tena ili damu ionekane ndani, moyo ulikuwa umekatwa upande wa mbele, na kamera ikiwa nyuma hakuna tena dirisha la kutazamia. Programu, isiyokuwa na umbo la kweli la moyo huo bali mfululizo wa picha tu, ilibuni upande wa nyuma. Kamera iliporudi mbele, aota ilikuwa imeota tawi jipya na vena kava ya juu imehamia mahali pengine.

Suluhisho lilikuwa kuzunguka kidogo. Kamera inaanza mbele kabisa, inakwenda nyuzi 10 upande mmoja, inarudi na kupita hadi nyuzi 10 upande wa pili, inamalizia pale ilipoanzia. Jumla ni nyuzi 40 kwa sekunde 8, yaani nyuzi 5 kwa sekunde. Hiyo inatosha kabisa jicho kupata kina, kuona kwamba ateri ya mapafu inapita mbele ya aota, na ukuta wa ventrikali ya kushoto kuwa mnene karibu mara tatu kuliko wa kulia. Upande uliofichwa haufiki kuonekana, kwa hiyo hakuna cha kubuniwa.

Kwa nini kamera irudi ilipoanzia? Kwa sababu video ingerudiwarudiwa darasani. Kuna njia ya mkato ambayo wahariri wengi huitumia ili video irudie bila kuruka, nayo ni kuicheza mbele halafu kinyumenyume. Kwa mandhari ya bahari haina neno. Kwa moyo, damu inarudi kutoka aota kuingia ventrikali, na huo ni ugonjwa wa vali inayovuja. Njia salama ni kupanga hesabu: mzunguko wa moyo upunguzwe kasi hadi sekunde 2, midundo minne iingie kamili ndani ya sekunde 8, na fremu ya mwisho ikutane na ya kwanza.

Prompti mpya ikawa hivi. Kwenye programu niliipeleka kwa Kiingereza, kwa kuwa hiyo niliyoitumia inafuata lugha hiyo kwa ukaribu zaidi. Hapa naiweka kwa Kiswahili:

```
Moyo wa mtu mzima, umekatwa kwa mbele, vyumba vinne na vali
nne zinaonekana. Kuta za rangi moja, kijivu chenye uwaridi.
Ukuta wa kati mzima na mnene. Mandhari meupe, bila maandishi.
Damu ya vyumba viwili vya kushoto mwa skrini ni bluu tupu, na
inatoka bluu kwa ateri ya mapafu. Damu ya vyumba viwili vya
kulia mwa skrini ni nyekundu tupu, na inatoka nyekundu kwa aota.
Atiria mbili zinabana pamoja, damu inashuka. Kisha ventrikali
mbili zinabana pamoja, vali za juu zimefungwa, damu inatoka.
Kisha moyo wote unalegea. Mdundo mmoja kila sekunde 2.
Kamera: nyuzi 10 kila upande, inarudi ilipoanzia.
```

Mambo mawili kuhusu maneno yake. Nimesema "kushoto mwa skrini", sikusema "upande wa kulia wa moyo", kwa sababu programu haina uhakika kulia ni kwa nani. Na nimesema ukuta wa kati ni "mzima na mnene" badala ya kuandika "rangi zisichanganyike". Programu nyingi za aina hii hulichukua neno ulilolitaja hata ukiwa umelikanusha, na kutaja kuchanganyika huwa ni kuziita rangi zichanganyike. Eleza kile unachotaka kionekane.

Maandishi nayo yaliachwa nje kwa makusudi. Majina ya vyumba na mishale tuliyaongeza baadaye kwenye programu ya kuhariri, kwa sababu video hizi huandika herufi zinazoyumba na majina yasiyokuwepo.

Prompti hiyo ilisafisha rangi na kamera. Vali ndizo zilizobaki na ukaidi. Rangi na mahali ni mambo yanayoonekana katika picha moja iliyosimama, na programu inayaweza. Kufunguka kwa jozi moja huku nyingine ikifungwa ni uhusiano wa wakati, unaodumu sehemu ya sekunde, na maneno pekee hayakuushika kwa uhakika. Kilichosaidia zaidi ni kuanza na picha badala ya maneno: mwalimu alikagua mchoro mmoja sahihi wa moyo uliokatwa, tukaipa programu mchoro huo kuwa fremu ya kwanza, na prompti ikabaki na kazi ya kueleza mwendo tu. Maumbo yakatulia. Vali za ateri ya mapafu na aota zikaanza kufuata, ya mitrali bado ikapepea ovyo.

Ukaguzi ulifanyika fremu kwa fremu. Kwenye VLC unasimamisha video halafu unabonyeza `E`, kila mbonyezo unasogeza fremu moja. Mwalimu alikaa na mdundo mmoja tu, ambao kwa fremu 24 kwa sekunde ni fremu 48, akijiuliza swali moja kila mara: sasa hivi vali zipi ziko wazi? Kwa mwendo wa kawaida jicho linadanganyika na uzuri wa picha. Ikisimama, hakuna pa kujificha. Alipata fremu kadhaa ambapo ventrikali ya kushoto ilikuwa imebana, aota iko wazi, na vali ya mitrali nayo imeachama.

Kwa sababu hiyo tuligawa kazi. Video ya akili mnemba ilibaki kuwa ya kufungulia somo, ikionyesha njia za damu na rangi, huku kamera ikikaa mbali kiasi kwamba vali si kitu cha kufuatiliwa. Somo la vali lenyewe lilitengenezwa kwa mkono kwenye Blender, programu ya kutengeneza animesheni, ambako kila vali inafunguka kwenye fremu unayoitaja. Hesabu ilitoka vizuri: mzunguko wa sekunde 0.8 ukivutwa hadi sekunde 2, yaani mara mbili na nusu, atiria zinapata fremu 6, ventrikali 18, na mapumziko 24. Mwanzoni mwa zile 18 tuliacha fremu 3 ambazo vali zote nne zimefungwa, wakati ventrikali inabana lakini shinikizo lake bado halijalishinda la aota. Chini tukaandika kwamba huu ni moyo wa midundo 75 uliopunguzwa kasi. Moyo unaodunda kweli mara 30 kwa dakika haunyooshi vipindi vyote sawasawa, muda mwingi unaoongezeka ni wa mapumziko, na mwalimu hakutaka mwanafunzi yeyote achukue vipimo vya wakati kutoka kwenye video akavipeleka wodini.

Kitu kimoja hakikupatana hadi mwisho. Mchoro wetu wa mbele ulionyesha vena mbili tu za mapafu, kwa kuwa nyingine mbili zimefichwa na mwili wa moyo, na kuzifichua kungehitaji kamera izunguke zaidi ya nyuzi tulizoiruhusu. Mwalimu aliamua kamera ibaki ilivyo, na kwenye slaidi inayofuata akaweka picha iliyosimama ya moyo kwa nyuma, vena zote nne zikiwa nyekundu na kila moja na jina lake.